Maandishi meupe juu ya picha: pima juu ya nyeupe tupu kwanza

*"Wakuu, natengeneza ukurasa wa kikundi cha asali hapa Tabora. Nyuma kuna picha ya mizinga msituni, maandishi meupe juu yake. Nimeweka gradienti nyeusi ya 0.3 chini ya picha na kwenye laptopu inasomeka vizuri. Kesho naupandisha hewani. Naomba pia ushauri wa fonti, na picha iwe na uzito gani isile bando la watu?"*

Usipandishe kesho. Gradienti ya namna hiyo ndiyo iliyonipa hasara mimi, na hiyo "kwenye laptopu inasomeka" nilimwambia mteja wangu hivyo hivyo.

Nipo Kigoma. Mwaka jana nilimtengenezea mzee mmoja mwenye boti ya abiria ukurasa mdogo wa matangazo ya safari. Picha niliipiga mwenyewe pale Kibirizi saa tano asubuhi: dagaa wameanikwa mchangani, nyuma yao maji yanametameta. Picha nzuri kweli, ila kwa maandishi meupe ni balaa, maana dagaa wakishakauka juani wanang'aa kama bati jipya. Nikaweka gradienti iliyoanza na weusi wa 0.7 chini kabisa, ikafifia hadi sifuri katikati ya picha. Kwenye laptopu kichwa cha habari kilikaa mstari mmoja, chini, kwenye giza.

Injini ikaharibika. Mzee akaniambia niandike tangazo, nikaandika kwa herufi kubwa nene HAKUNA SAFARI JUMATANO, na chini yake kwa herufi ndogo "Kibirizi – Kagunga" pamoja na namba ya simu. Kwenye simu, maneno yale matatu hayakutosha mstari mmoja. Yakapangana: HAKUNA juu, SAFARI katikati, JUMATANO chini. Kadiri mistari ilivyoongezeka, ule wa juu ulisukumwa hadi pale ambapo gradienti ilikuwa imeshaisha, juu ya dagaa wenyewe. Watu walisoma SAFARI JUMATANO, Kibirizi – Kagunga.

Jumatano alfajiri walikuja. Kulikuwa na mama mmoja na magunia manne ya chumvi ya Uvinza, ameshalipa wapagazi, anataka kuwahi soko la Kagunga. Alinionyesha simu yake huku mkono unamtetemeka: "Soma mwanangu, hapa imeandikwa nini?" Nikasoma nilichokiona, na neno HAKUNA sikuliona hata mimi niliyeliandika. Mzee aliwalipia wapagazi na malazi, akakata kwenye ujira wangu, na kazi akampa mtu mwingine. Anayetaka kunilaumu apange foleni, yule mama alishatangulia.

Nilipofika nyumbani nikachukua picha ya skrini ya simu, nikanyonya rangi ya nyuma ya lile neno. Ilikuwa `#d9d9d9`. Nyeupe juu ya hiyo inatoa uwiano wa kontrasti wa 1.4:1, yaani tofauti ya mwanga kati ya herufi na kilicho nyuma yake. WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa za wavuti zisomeke na kila mtu, unataka angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida, na 3:1 kwa maandishi makubwa.

Na hapa lazima niseme. Kuna mwalimu wa video, simtaji, aliyetufundisha kwamba "ukizidisha 0.3 picha inakufa", kisha akafungua kipima kontrasti, akaandika `#ffffff` upande mmoja na `#000000` upande wa pili, ikatoka 21:1, akashangilia. Amepima nini? Amepima nyeupe juu ya nyeusi kavu ambayo kwenye ukurasa haipo popote! Nyuma ya maandishi kuna picha iliyopakwa weusi kidogo, na kinachopimwa ni mchanganyiko wa hivyo viwili. Maelfu wanamfuata, na inaniuma kwa sababu nilimwamini.

Ukweli wa 0.3 ni huu. Chukua sehemu yenye mwanga mkali kuliko zote kwenye picha, tuseme nyeupe kabisa. Ukiipaka nyeusi ya 0.3 inabaki kijivu cha `#b3b3b3`, na maandishi meupe juu yake yanapata 2.1:1 tu. Ukifika 0.54 ndipo unavuka 4.5:1. Mimi siku hizi naweka 0.6, ambayo inageuza nyeupe kuwa `#666666` na kutoa 5.7:1. Kwa maandishi meupe hiyo inatosha juu ya picha yoyote ile, kwa sababu hakuna picha inayong'aa kuliko nyeupe. Picha yako ya msituni ina vile vipande vya jua vinavyopenya kwenye majani ya miombo, na kila kipande ni karibu nyeupe. Herufi moja ikiangukia hapo imepotea, hata kama sehemu nyingine zote ni giza.

Utaniambia kichwa chako ni kikubwa kwa hiyo 3:1 inakutosha, na 0.42 inaifikia. Sawa, lakini chini ya kichwa utaweka bei na namba ya simu kwa herufi ndogo, na vyote vinakaa kwenye tabaka lile lile. Pima kwa ile ndogo.

Kosa la pili, ambalo ndilo lililonimaliza, ni kuifunga gradienti kwenye urefu wa picha. Ifunge kwenye kisanduku cha maandishi, ili mistari ikiongezeka giza nalo lipande pamoja nayo. Weusi uwe sawasawa nyuma ya maandishi yote, na kufifia kuanze juu yake, kwenye nafasi tupu:

```css
.picha {
  min-height: 70vh;
  display: flex;
  align-items: flex-end;
  background: #222 url(mizinga.jpg) center/cover;
}
.maneno {
  width: 100%;
  padding: 5rem 1rem 1rem;
  color: #fff;
  background: linear-gradient(to top,
    rgba(0,0,0,.6) calc(100% - 5rem),
    rgba(0,0,0,0));
}
```

Zile `5rem` mbili lazima zilingane. Ukibadili moja badili na nyingine. Tumia `min-height`, usiweke `height`, ili kisanduku kikirefuka picha nayo irefuke. Na ile `#222` usiifute. Mtandao ukiwa mzito na picha ikagoma kufunguka, bila hiyo nyuma kutabaki ukurasa mweupe, na giza la 0.6 peke yake ndilo litakalobeba maandishi.

Sasa kupima. Toa picha kwa muda, weka nyeupe tupu mahali pake (`background: #fff`), kisha bana dirisha la kivinjari hadi upana wa pikseli 320. Andika kichwa kirefu kuliko vyote utakavyowahi kuweka. Piga picha ya skrini, nyonya rangi kwenye uwazi kati ya herufi za mstari wa juu kabisa, mbali kidogo na kingo zake kwa sababu kingo zimechanganyika na weupe wa herufi. Weka rangi hiyo kwenye kipima pamoja na `#ffffff`. Ikipita 4.5 hapo, rudisha picha yako. Usianze na picha, kwa sababu jicho lako linajua kilichoandikwa na litasoma hata kisichoonekana.

Ukishapima hivyo, tupia hapa picha ya skrini ya simu, ile ya 320. Nitaitazama usiku huu huu.