Unamuuzia tuisheni mzazi yupi?

Nilipoandika mpango wa biashara yangu ya tuisheni za nyumbani hapa Dar es Salaam, sehemu ya wateja ilisema hivi: "Wazazi wa kipato cha kati, miaka 30 hadi 50." Nikachapisha vipeperushi kwa mstari huo, na simu zilizopigwa hazikuzaa kitu.

Nilichofanya baadaye ndicho ninachokushauri uanze nacho. Nilichukua daftari nililokuwa naandikia simu za wazazi, nikasoma neno la kwanza alilosema kila mmoja. Wapo waliosema "ripoti imekuja mbaya." Wengine, watoto wao wako shule za mchepuo wa Kiingereza: "Narudi usiku, hakuna wa kumsimamia kazi za nyumbani." Kundi la tatu lilisema: "Amemaliza la saba, yuko tu nyumbani." Umri na mshahara havikutenganisha makundi haya. Kilichoyatenganisha ni sababu ya kupiga simu, na msimu wake.

Nilichagua kundi la tatu. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, kidato cha kwanza huanza Januari. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili shule ya serikali anakwenda kukuta Fizikia na Baiolojia kwa Kiingereza. Halafu miezi hiyo yuko nyumbani tangu asubuhi, wakati makundi mengine yote yanagombania saa kumi hadi magharibi. Walimu wangu, vijana waliomaliza chuo na wanasubiri ajira, asubuhi walikuwa huru.

Kwenye mpango nikamchora mteja mmoja: mama anayeuza nguo sokoni Buguruni, anatoka alfajiri, mtoto anabaki na bibi. Bei yangu ilikuwa 60,000 kwa mwezi, mara tatu kwa wiki. Mama wa namna hiyo aliniambia, "Mwanangu, elfu sitini kwa mpigo sina. Mwalimu akija nikampa elfu tano, hiyo naiweza." Mara 12 kwa elfu tano ni 60,000 ileile, ila fedha yake inaingia kwa siku. Nikabadilisha malipo, bei nikaiacha.

Pingamizi la pili nisingelijua bila kufika nyumbani. Mlipaji ni mama, lakini mwenye kukubali mwalimu aingie ni bibi, na hakutaka kijana wa kiume akae ndani na binti. Tukaanza kufundishia barazani, mwalimu akatambulishwa kwanza kwa bibi. Kwa hiyo andika watu wawili katika kila sura ya mteja: anayelipa na anayeruhusu.

Utajuaje umegawa vibaya? Ukiona makundi mawili unayaambia maneno yaleyale, kwa malipo yaleyale, yaunganishe. Ndani ya kundi moja, baadhi ya wazazi wakitoa pingamizi hili na wengine lile, ligawe tena. Kundi langu lina ukomo wake: Januari watoto wanaondoka, na wanaokwenda bweni hawarudi. Wa shule za kutwa ndio ninaowapigia simu mwezi wa pili, baada ya majaribio ya kwanza.