Maswali na majibu: dau la simu, dau la Mbarali

Kaka, nauza pampu za umwagiliaji Mwanjelwa. Ripoti ya matangazo yangu ya Google ya Mei hadi Julai inaonyesha simu zinaleta wateja na kompyuta zinakula hela bure. Nizizime kompyuta? (Dada wa pampu, Mbeya)

Usizizime bado, dada. Nimezipitia hesabu ulizotuma. Simu zimeleta mibofyo 1,800 kwa shilingi 540,000, na watu 54 wamekupigia. Kila aliyepiga amekugharimu 10,000. Kompyuta zimeleta mibofyo 200 kwa shilingi 80,000 na wapigaji wawili tu, yaani 40,000 kwa kila mmoja. Ukiitazama ripoti ilivyo, kompyuta ni ghali mara nne.

Lakini jiulize huyo mpigaji anahesabiwaje. Mtu aliyeshika simu anagusa kitufe cha kupiga kwenye tangazo, na Google inaandika hapo hapo. Mtu wa kompyuta, tuseme ofisa manunuzi wa shule au katibu wa chama cha ushirika, anaisoma namba yako kwenye skrini, anatoa simu mfukoni na kupiga. Kwenye ripoti huyo ni mbofyo uliopotea, kumbe ndiye anayetaka pampu sita kwa mpigo. Tofauti unayoiona inaweza kuwa ya kipimo tu, wala si ya wateja.

Kulijua hilo hakuhitaji utaalamu. Nunua laini ya pili, namba yake iwekwe kwenye tovuti kwa wanaoifungua kwa kompyuta pekee. Kijana aliyekutengenezea tovuti ataiweka kwa muda mfupi. Kama hilo ni gumu, weka daftari kaunta na kila anayepiga aulizwe alikuona wapi, kwenye simu au kwenye kompyuta. Wengine watajibu ovyo, ila baada ya wiki nne utakuwa na picha.

Tuseme daftari likionyesha kwamba kwa kipindi kama hicho kompyuta zilileta watu watano, si wawili. Gharama ya kila mmoja inashuka hadi 16,000. Umeniambia faida yako inaruhusu kulipa hadi 12,000 kwa mpigaji. Dau ni kiasi cha juu unachokubali kulipa kwa mbofyo, na marekebisho ni asilimia ya kulipandisha au kulishusha kwa kifaa au eneo fulani. Basi hesabu ni hii:

```
marekebisho = gharama unayoimudu / gharama halisi - 1
12,000 / 40,000 - 1 = -70%
12,000 / 16,000 - 1 = -25%
```

Mstari wa kwanza wa hesabu ni wa ripoti, wa pili ni wa daftari. Ungefuata ripoti, ungewafukuza watu wanaokaribia kukulipa. Na hata hiyo -25% usiishike kama msahafu, kwa sababu watu watano ni wachache. Akiongezeka mmoja tu, gharama inashuka hadi 13,333 na marekebisho yanabaki -10%. Mimi kwa kawaida sigusi dau la kifaa kabla hakijaleta wapigaji kama 30. Ni kanuni yangu ya mkono, Google haijaiandika popote.

Tazama pia hela yenyewe inayogombaniwa. Kompyuta zinakula 80,000 kwa miezi mitatu. Ukikata robo ya dau, utaokoa kama 20,000 kwa miezi hiyo yote, chini ya 7,000 kwa mwezi. Ningekuwa wewe ningeshughulikia daftari na kuliacha dau lilivyo hadi Oktoba.

Ndugu mwandishi, natengeneza pawatila na wateja wangu wakubwa ni wakulima wa mpunga wa Usangu. Nimechora duara la kilomita 40 kuzunguka Rujewa, Mbarali, nikaongeza dau 50%, na kwenye simu nikaongeza 30%. Sasa mbofyo mmoja unanila karibu mara mbili, na wateja hawajaongezeka kiasi hicho. (Fundi, Uyole)

Fundi, hizo asilimia hazijumlishwi, zinazidishana. Dau lako la msingi ni 300. Kwa mtu wa Rujewa mwenye simu, mfumo unafanya 300 × 1.5 × 1.3, unapata 585. Hilo ndilo dau la juu kabisa. Mara nyingi utalipa pungufu, kulingana na unaoshindana nao, lakini mlango umeshaufungua.

Kosa kubwa zaidi ni kwamba umelipia jambo moja mara mbili. Ulipoona Mbarali inafanya vizuri ukaongeza, ulipoona simu zinafanya vizuri ukaongeza tena. Lakini simu zinafanya vizuri kwa sababu wakulima wa Mbarali, karibu wote, wanatafuta kwa simu. Ni watu wale wale, waliotokea kwenye meza mbili za ripoti. Kabla ya kuweka marekebisho mawili, igawe ripoti ya eneo kwa kifaa. Ndani ya duara la Rujewa, je, simu zinaishinda kompyuta? Nje ya duara, je? Ukikuta simu zinaongoza ndani ya duara peke yake, iondoe 30% ya simu ubaki na eneo tu. Kwako nahisi ndiyo hali yenyewe.

Kuna upande wa pili wa kuzidishana ambao huwa haulalamikiwi kwa sababu hauumi. Ukiweka eneo +40% na kifaa -30%, unapata 300 × 1.4 × 0.7, yaani 294. Umekesha kupanga, na dau limerudi pale pale.

Na maeneo yakipandana? Ukiweka +20% kwa Mkoa wa Mbeya na +50% kwa duara lililo ndani yake, aliye ndani ya duara anapata ile ya eneo dogo, 50%, peke yake. Hapo hakuna kuzidisha.

Duara lenyewe nalo usiliamini sana. Google inakisia mtu alipo kwa kuangalia anwani ya mtandao anaotumia, na mahali ilipo simu kama mwenyewe ameruhusu. Simu ambayo mahali pake pamezimwa inaweza kusomwa kama ipo mji mwingine kabisa. Ukiona wapigaji wanakwambia wapo Rujewa na vijiji vya jirani huku ripoti ikisema mibofyo mingi ni ya mjini kwingine, ujue asilimia yako inawafikia baadhi tu ya uliowakusudia. Kadiri duara linavyokuwa dogo, ndivyo wengi wanavyobaki nje. Kilomita 40 si mbaya. Kilomita 5 kuzunguka skimu moja ningekukataza.

Kamwene, kaka. Nina nyumba ya wageni Iringa, kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Wageni wa maana wanatafuta kwa kompyuta, nikaongeza 40%. Wiki ya tatu hii, hakuna kilichobadilika. (Mwenye nyumba ya wageni)

Kamwene, mama. Fungua kampeni, tazama sehemu ya `Bidding`. Nina hakika utakuta `Maximize conversions`. Mfumo huo unapanga dau wenyewe kwa kila anayetafuta, na kifaa na mahali ni miongoni mwa dalili unazozisoma. Asilimia yako umeiandika, imehifadhiwa, inaonekana kwenye skrini, na haitumiki. Kitu kimoja tu unachokitii ni -100% kwenye kifaa, yaani kukifunga kabisa.

Ukiwa umeweka na lengo la gharama, lile la `Target CPA`, marekebisho ya kifaa yanafanya kazi kwa namna nyingine: yanasogeza lengo, si dau. Lengo la 10,000 lenye +40% kwa kompyuta linakuwa 14,000 kwa mgeni anayetoka kwenye kompyuta. Hapo 40% yako ingekuwa na maana, kama kweli mgeni wa kompyuta anakulipa zaidi kwa kiasi hicho. Tofauti na dada wa pampu, wewe una kitabu cha wageni, hivyo huna haja ya kukisia. Hesabu ni siku ngapi analala aliyebuku kwa kompyuta na ngapi analala mpita njia wa barabara ya Tanzam.

Lakini kabla ya dau kuna jambo ambalo kwako ni kubwa zaidi. Kwenye mipangilio ya eneo kuna chaguo mbili: `Presence or interest`, inayokuja yenyewe, na `Presence`. Ya pili inaonyesha tangazo kwa aliyepo Iringa au anayefika mara kwa mara. Ya kwanza inamwongeza aliye Dar es Salaam au Ulaya anayetafuta habari za Iringa. Wewe unaihitaji ya kwanza, kwa sababu mgeni wa Ruaha hupanga safari akiwa mbali. Yule fundi wa Uyole anaihitaji ya pili, maana mwanafunzi wa Dar anayeandika insha kuhusu kilimo cha Mbarali hanunui pawatila. Watu wengi wanaokuja kwangu na swali la asilimia, tatizo lao lilikuwa hapa.

Na vishikwambi je? (Msomaji, Tukuyu)

Viache. Kwa mibofyo michache vinayoleta kwetu, hutapata hesabu ya kuaminika hata kwa mwaka. Ukikuta vinakula hela na bajeti ni ndogo, weka -100% usahau.

Kwa nini nisitenge kampeni mbili, moja ya Njombe na moja ya Mbeya, badala ya kuhangaika na asilimia? (Muuza mbegu, Makambako)

Inategemea unachotaka kitofautiane. Asilimia inabadilisha dau peke yake. Haiwezi kuilindia Njombe bajeti yake: kama kampeni inaishiwa hela saa sita mchana kila siku, kuongeza dau la Njombe kutaimaliza mapema zaidi, saa tano. Haiwezi pia kubadilisha maneno ya tangazo. Kama Njombe unauza mbegu za viazi mviringo na Mbeya unauza za mahindi, tenga tu, hata usingojee takwimu. Lakini kama tangazo ni lile lile na tofauti ni kwamba mteja wa Njombe anapatikana kwa bei nafuu kidogo, kampeni mbili zitakugawia hesabu ndogo katika mafungu madogo zaidi, na kila kazi utaifanya mara mbili. Hapo kuweka asilimia kwenye eneo kunatosha.

Ila iandikie tarehe ya kuisha. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na watafutaji wa mbegu wa Oktoba si wale wa Februari. Nimewahi kumwekea mteja +60% kwa Mbozi wakati wa maandalizi ya mashamba, nikasahau. Machi tulikuwa bado tunalipa dau la Oktoba kwa watu waliokuwa wanatafuta dawa ya viwavijeshi.