Chora mstari wa UE mapema, uache kupiga hesabu kila siku

Kila ikikaribia UE watu wanaulizana "nina 23 ya kosiweki, A inatoka kweli?" halafu kila somo wanaanza hesabu upya. Mi huwa nachora grafu moja tu na inatumika kwa masomo yote yenye mgawanyo uleule. Hapa nachukulia kosiweki ni 40, UE inasahihishwa kwa 100 halafu inabeba 60, A inaanzia 70, B+ 60, B 50 na C 40.

Hesabu yenyewe ni hii, T ni jumla unayoitaka, K ni kosiweki, X ni maksi za UE:

```
X = (T - K) / 0.6
```

Chukua grafu pepa, chini weka kosiweki 0 mpaka 40, sentimita moja iwe maksi 5, pembeni weka UE 0 mpaka 100, sentimita moja iwe maksi 10. Mstari wa A unahitaji nukta mbili tu: kosiweki 10 inadai UE 100, kosiweki 40 inadai 50. Unganisha kwa rula, halafu hakiki kwa nukta ya tatu, kosiweki 28 lazima iangukie 70, isipopita hapo ujue umekosea skeli, na mara nyingi ni mtu kaweka kosiweki ya asilimia kwenye mhimili wa 40. B+, B na C nazo zichore hivyohivyo, mistari yote inalala sambamba.

Sasa yule wa 23 anapandisha rula wima kutoka 23 anasoma: C kama 28, B 45, B+ kama 62, A kama 78. Ukisoma katikati ya vijimstari panda juu, usishuke, maana 78 kamili inakuacha na 69.8 na siyo kila chuo kinakuongezea hicho kipande.

Kitu ambacho wengi wanakiruka ni kwamba vyuo vingine vinataka upate angalau 40 kwenye UE yenyewe hata kosiweki iwe nzuri vipi. Kama chako kiko hivyo chora mstari mlalo kwenye 40, chochote kilicho chini yake hakikusaidii, kwa hiyo ile 28 ya huyu jamaa ni 40 kwake, akienda na 28 anasapu.

Na usisubiri kosiweki itoke yote. Tuseme una 16 na testi ya pili ya maksi 15 bado, kosiweki yako itakuwa kati ya 16 na 31, weka alama hizo mbili uangalie mstari wa A: unaanzia 90 unashuka mpaka 65. Yaani kila maksi 3 za testi zinakupunguzia 5 za UE, ukipata 9 tu unafika 25 na UE inakudai 75, kwa hiyo wiki ya testi ndo ya kukesha, maana maksi hizo kwenye UE utazilipia bei kubwa zaidi.