Jenereta juu ya vipande vya tairi: kwa nini mtetemo umezidi, na mipira ichaguliweje

"Wakuu, nina jenereta ya dizeli ya silinda 3, mizunguko 1500, kwenye nyumba ya wageni hapa Raskazone, Tanga. Yenyewe na fremu yake ni kilo 480. Ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye zege, wageni wa vyumba vya jirani wakalalamika. Nikaweka vipande vya tairi kwenye pembe nne, sasa vitanda vinatikisika kuliko mwanzo. Nimepima kwa kalipa, vipande vimebonyea nusu milimita tu. Niongeze kipande cha pili juu ya kila kimoja, au ninunue mipira ya dukani ya kuzuia mtetemo?"

Mkuu, hiyo nusu milimita uliyopima ndiyo jibu lenyewe.

Mashine iliyokaa juu ya mpira ina kasi yake ya kudunda. Ukiisukuma chini na kuiachia, itapanda na kushuka mara kadhaa kwa sekunde. Kasi hiyo unaipata kutokana na kiasi mpira ulichobonyea kwa uzito wa mashine pekee, kwa milimita:

```
f0 = 15.8 / sqrt(d / 1.3)
```

Hapo d ni milimita za kubonyea. Ile 1.3 ipo kwa sababu mpira unaotikiswa haraka huwa mkakamavu kuliko ulipokaa kimya chini ya mzigo. Hutofautiana kati ya mpira na mpira, lakini 1.3 inatosha kuanzia. Weka nusu milimita, utapata takriban hezi 25. Jenereta yako inazunguka mara 1500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Kila injini inapousukuma mpira, mpira unakuwa tayari unaelekea huko huko, na msukumo unajijumlisha. Mpira wa kawaida una uwezo mdogo wa kumeza nguvu, kwa hiyo katika hali hiyo sakafu inaweza kupokea hata mara 10 ya kile ambacho ingepokea bila mpira.

Kinachopita kwenda sakafuni, ukiacha kile kidogo ambacho mpira unameza, ni hiki:

```
r = 25 / f0
T = 1 / (r*r - 1)
```

Ikiwa T ni 1, mpira haujasaidia chochote. Hilo hutokea r ikiwa 1.41. Chini ya hapo mpira unaongeza mtetemo, juu ya hapo ndipo unaanza kupunguza (kanuni hii itumie r ikiwa juu ya 1 tu). Sasa angalia kipande cha pili unachofikiria: kubonyea kutafika milimita 1, f0 itashuka hadi hezi 18, r itakuwa 1.39, na T inatoka 1.08. Utakuwa umerudi pale ulipokuwa na bolti kwenye zege, ila safari hii mashine inayumba juu ya rundo la tairi. Usifanye hivyo.

Lenga r ya 3. T ni 1/8, yaani asilimia 13 hivi tu ndiyo inafika sakafuni. Ili r iwe 3, f0 lazima iwe hezi 8.3, na kanuni ya juu inadai mpira ubonyee milimita 4.7 hivi. Kwa kilo 480, kila mpira kati ya minne ukibeba kilo 120 (niutoni 1177), unahitaji mpira unaobonyea milimita 1 kwa kila niutoni 250 hivi. Namba hiyo ndiyo ukakamavu, na ndiyo ya kumuuliza muuzaji.

Hapa wengi wanakosea dukani. Wanauliza "unabeba kilo ngapi?" na kuchukua unaobeba zaidi, kwa usalama. Tuseme mpira umeandikwa kilo 200 kwa kubonyea milimita 5. Chini ya kilo zako 120 utabonyea milimita 3 tu, f0 itapanda hadi hezi 10.4, na T itakuwa 0.21 badala ya 0.13. Ukichukua wa kilo 500 utakaribia tena tatizo lako la sasa. Mpira ulio imara kupita kiasi haukulindi.

Kama muuzaji hana karatasi ya vipimo, jaribu mwenyewe. Weka mipira minne chini ya ubao mzito, panga juu yake mifuko ya saruji 9 na nusu, yaani kilo 475, pima kimo kabla na baada. Ukipata kati ya milimita 4 na 5, chukua. Kimo cha mpira wenyewe kiwe kama milimita 40 au zaidi, kwa sababu mpira unaokandamizwa kupita asilimia 10 hadi 15 ya unene wake huchoka mapema. Na usichague mpana mwembamba: mpira hausinyai, hutanuka pembeni, na ukiwa mpana hauna pa kutanukia, hivyo unakuwa mkakamavu mno. Ndiyo maana kipande cha tairi kinabonyea kidogo hivyo.

Jambo la pili ni mgawanyo wa uzito, maana injini ni nzito kuliko upande wa kufua umeme. Inua fremu kwa jeki, pitisha bomba la chuma chini yake kwa kukatiza, lisogeze mpaka mashine isimame sawa bila kuangukia upande wowote. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Tuseme mipira iko milimita 1200 kutoka jozi hadi jozi, na kitovu kiko milimita 500 kutoka upande wa injini. Jozi ya injini inabeba kilo 280, nyingine 200. Ukiweka mipira minne inayofanana, mashine itainama na kutikisika kwa kupinda. Badala ya kutafuta mipira ya aina mbili, sogeza jozi ya nyuma milimita 200 kuelekea katikati. Zote zinakuwa milimita 500 kutoka kitovuni na kila mpira unapata kilo 120.

Kisha angalia njia za mkato. Mpira mzuri kabisa hauna faida kama bolti imepita katikati yake na kuibana fremu kwenye zege chuma kwa chuma, au bomba la eksozi limeshikwa ukutani bila kipande cha kupinda. Mpira wa mafuta na nyaya za umeme nazo ziachie mkunjo. Mara nyingi ukuta unatetemeka kwa sababu ya eksozi, na lawama zinaenda kwa mipira.

Ukimaliza, zima injini ukiitazama inavyopungua kasi. Ikitulia ikiwa kwenye kasi kamili, kisha ikatikisika kwa nguvu sekunde moja au mbili karibu na mizunguko 500 na kunyamaza, f0 iko pale tulipoitaka. Ikitikisika zaidi mara tu inapoanza kushuka kutoka 1500, mipira bado ni mikakamavu. Mtikiso huo wa kuzima hauepukiki, kwa hiyo weka vizuizi vyenye nafasi ya milimita chache, visiguse mashine ikiwa kazini.

Fremu yenyewe itaendelea kucheza. Mipira huzuia safari ya mtetemo kwenda sakafuni, haiitulizi injini. Na injini ikianza kuruka silinda moja, labda nozeli imeziba, unazaliwa mtetemo mpya wa hezi 12.5. Kwa huo r ni 1.5 tu na T ni 0.8, kwa hiyo wageni watausikia karibu wote. Hapo tengeneza nozeli, usibadilishe mipira.

Kwa Raskazone, chumvi ya bahari inakula bamba la chuma lililogandishwa kwenye mpira, na dizeli inavimbisha mpira wa asili. Paka rangi bamba, weka kifuniko cha bati juu ya kila mpira, na pima kimo tena baada ya siku moja, halafu kila miezi michache. Mpira uliozama kuliko wenzake au wenye nyufa pale unaposhikana na chuma, ubadilishe.