Oda za usiku WhatsApp

"Wadau, oda zinaingia mpaka saa saba usiku. Nisipojibu wateja wanahama. Mnafanyaje?"

Mkuu, dada yangu muuza khanga alikuwa akijibu kila mlio, mpaka usiku mmoja akachanganya oda mbili na bodaboda akarudi na mzigo. Sasa kwenye WhatsApp Business amewasha `Away message`, ujumbe unaojituma wenyewe, saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi: "Oda imefika. Tutathibitisha saa mbili, mzigo unatoka saa nne." Asubuhi anaziandika zote daftarini, ya kwanza kuingia juu, anajumlisha doti kwa kila mtindo, anaingia stoo mara moja tu. Ndipo anamthibitishia kila mteja idadi na bei. Bando likiisha usiku, ujumbe ule hautoki.