Re: Nje unyevu 90%, ndani 21%. Kipimo kimeharibika?

"Nje ni nyuzi 0 na unyevu 90%. Ndani hita imefika nyuzi 22, midomo inakauka, kipimo kinasema 21%. Kimeharibika?"

Habari ndugu. Kipimo chako kiko sawa kabisa. Asilimia haisemi hewa ina maji kiasi gani. Inasema imejaa kwa kiasi gani ukilinganisha na mwisho wake katika joto lile. Kwa nyuzi 0, hewa yako ya nje ina mvuke kama gramu 4 kwa mita moja ya ujazo, nayo inakaribia kujaa. Ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 22, mwisho wake unapanda hadi gramu 19 hivi. Maji ni yaleyale, lakini 4 kwa 19 ni kama 21%.

Ndiyo maana mimi huangalia kwanza joto la umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo huanza kutoa umande. Nje ni kama -1, na ndani ni hivyohivyo. Hita haikuondoa hata tone.

Ukishusha hita hadi 19 utapata kama 25%. Ziba pia nyufa za milango, maana hewa kavu inaingia hapo. Ukitumia mashine ya kuongeza unyevu, ukafika 40% kwa nyuzi 22, joto la umande litakuwa karibu 8. Kioo chochote kilicho baridi kuliko hapo kitatoka jasho, na fremu itaota ukungu. Sijui madirisha yako yakoje, kwa hiyo tazama pembe za chini za kioo asubuhi. Zikilowa, punguza mashine.