Daktari wa kwenye simu, cheti cha dawa cha WhatsApp, na dai la bima

Swali: Mwezi huu nilimwona daktari wa Nairobi kwa simu ya video nikiwa nyumbani Kitui. Nilimlipa shilingi 1,500 kwa M-Pesa, akanitumia cheti cha dawa kwa WhatsApp, nikanunua dawa za shilingi 3,260 hapa mjini. Je, bima ya kazini itanirudishia, na natakiwa kuwasilisha ushahidi gani?

Jibu: Inawezekana, lakini kwanza soma jedwali la mafao la bima yako, katika sehemu ya matibabu ya wasiolazwa. Mikataba mingine inataja wazi matibabu ya mtandaoni, mingine inayaruhusu kupitia watoa huduma walio kwenye orodha ya kampuni pekee, na mingine haisemi lolote. Ikiwa wako hausemi lolote, muulize ofisa wa bima kwa barua pepe, upate jibu la maandishi kabla ya kuwasilisha dai. Usichanganye jambo hili na SHA, kwa kuwa mamlaka hiyo ya bima ya afya ya serikali huvilipa vituo vya afya vilivyoingia nayo mkataba, wala haimrudishii mwanachama pesa alizotoa mfukoni.

Mimi hukagua madai ya aina hii kila siku, na mengi ninayoyarudisha huwa ni ya watu waliougua kweli na waliolipa kweli, ila karatasi zao hazielezi hivyo. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba pesa zilitoka kwako zikaenda kwa mtu fulani, lakini hauonyeshi kwamba ulitibiwa. Kwa hiyo omba kwa daktari risiti yenye jina lako, tarehe na maneno yanayotaja mashauriano, pamoja na fomu ya madai au barua fupi inayotaja ugonjwa alioutambua. Wengi husahau jina la ugonjwa, kwa sababu kwenye simu daktari hulitamka tu. Mkaguzi asipoliona, hana namna ya kujua kama dawa zililingana na tatizo, au kama tatizo lenyewe limetengwa na mkataba.

Cheti cha dawa kiwe na jina lako kamili, tarehe, jina la kila dawa, kipimo na idadi ya siku, pamoja na sahihi ya daktari na namba yake ya usajili. Hiyo namba tunaitafuta katika sajili ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari, na leseni ya kutibu huhuishwa kila mwaka, hivyo usajili wa zamani peke yake hautoshi. Ikiwa aliyekuhudumia ni tabibu na si daktari, baraza lake ni lingine, na namba yake itafutwe huko. Dai lisiandikwe kwamba alikuwa daktari. Cheti kutoka kwa daktari aliye ng'ambo ambaye hana leseni ya Kenya ni dai dhaifu, hata kama ni bingwa.

Sasa tuchukue hesabu yako, tuseme kwamba katika zile shilingi 3,260 kuna dawa za kuua bakteria na za maumivu za shilingi 2,160, vitamini za 850 ulizojichagulia, na 250 za mwendesha bodaboda aliyekuletea. Vitamini ambazo hazimo kwenye cheti hukatwa, na nauli ya bodaboda pia hukatwa. Zinabaki 2,160, na ukiongeza mashauriano ya 1,500 unapata 3,660. Iwapo mkataba unamtaka mwanachama achangie asilimia 10, utarudishiwa 3,294, mradi kikomo chako cha mwaka hakijaisha. Hesabu hii inawezekana tu kama risiti ya duka la dawa imetaja kila kitu na bei yake. Risiti iliyoandikwa «dawa, 3,260» haimwezeshi mkaguzi kutenganisha chochote, na mara nyingi dawa zote hukataliwa pamoja. Rudi dukani ukaombe risiti ya eTIMS, ile ya mfumo wa kodi wa KRA, yenye mchanganuo, mapema kabla siku hazijapita.

Linganisha pia tarehe. Mashauriano ya tarehe 4, cheti cha tarehe 4 na risiti ya tarehe 4 au 5 hazizui maswali yoyote, lakini cheti cha tarehe 6 kwa dawa zilizonunuliwa tarehe 5 kinaonyesha kwamba kiliandikwa baada ya ununuzi, na hilo hukwamisha dai. Ikiwa daktari alichelewa kukituma tu, aseme hivyo katika barua yake, wala asibadilishe tarehe.

Picha ya skrini ya mazungumzo ya WhatsApp iambatishe kama nyongeza, kwani inasaidia kuthibitisha siku na saa, ila haichukui nafasi ya cheti. Omba faili lenyewe la PDF, na nakala halisi za risiti uzihifadhi. Muda wa kuwasilisha hutofautiana. Kuna mikataba ya siku 30 na ya siku 90, na huhesabiwa tangu siku ya matibabu. Dai likikataliwa, taka sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha mkataba kilichotumika, maana bila hivyo ni vigumu kukata rufaa kwa kampuni, au kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA.